Kichupa Kimefika, Ombi Halijafika

"Mfumo uko sawa kwa nani?" Mama Darubini alikuwa anauliza, na ilikuwa mara ya tatu, maana wakati sisi wa chini tunafungua milango ugomvi ulikuwa umeshapamba moto. "Kwako wewe unayekaa kwenye kiti cha kuzunguka? Njoo ukae kwangu, halafu uniambie uko sawa."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wana miswaki mdomoni. Ghorofa ya tatu milango yao inatazamana, hatua nne tu katikati, kwa hiyo ukigombana na jirani huko unagombana naye puani. Mama Darubini alikuwa ameshavaa koti lake jeupe la maabara, barua mkononi. Injinia alikuwa kwenye kizingiti chake na fulana ya kulalia, pacha mmoja kamkumbatia mguu wa kulia, mwingine wa kushoto. Nyuma yake mkewe, Mama Pacha, alikuwa anasikiliza huku anajifanya anatafuta kiatu.

Wote wawili kazi yao ni hospitali moja. Mama Darubini yuko maabara mwaka wa ishirini na moja sasa. Jina hilo alilipata kwa watoto wa jengo, maana kila mtoto aliyeharisha hapa amewahi kutazamwa na jicho lake kupitia darubini. Injinia ndiye aliyeandika programu inayobeba maombi ya vipimo kutoka kwa madaktari hadi maabara, na majibu kutoka maabara hadi kwa madaktari. Kwa hiyo kila anachokifanya Mama Darubini kinapita mikononi mwa Injinia, ingawa Injinia hajawahi kushika hata kichupa kimoja cha damu.

Barua ilisomwa kwa sauti, ngazi nzima isikie. Ilisema majibu ya vipimo vya dharura yanachukua wastani wa dakika hamsini na nane, wakati lengo ni arobaini. Ilisema kuna uzembe. Ilimtaka afike kwenye kikao Ijumaa ya wiki inayofuata, saa tatu, ajieleze, na asipokuwa na maelezo ya kuridhisha atahamishiwa stoo ya vifaa. Stoo, mwanamke wa darubini. Akahesabu glovu na vifuniko hadi astaafu.

"Uzembe," alisema, akaikunja barua mara nne hadi ikawa ndogo kama kiberiti. "Mimi."

Injinia alijibu kwa upole wa mtu anayetaka kurudi kitandani. Akasema dada yangu, mfumo unaandika saa daktari alipoagiza na saa majibu yalipofika, haupendelei mtu, haujui hata wewe ni nani. Kama dakika ni hamsini na nane, basi ni hamsini na nane. Hapo ndipo Mama Pacha aliacha kutafuta kiatu, maana alijua mumewe ameshaharibu.

Kilichofuata sikiandiki chote. Mwisho wake ni kwamba Mama Darubini alimwambia leo saa nne atakuwa na kiti cha ziada maabara, na kama Injinia ni mwanamume wa kusimama na maneno yake atakuja kukikalia kwa saa moja tu. Jengo zima lilisikia. Asingeweza kukataa.

Basi saa nne akaenda. Chumba chenyewe si kikubwa: meza ndefu ya kigae cheupe, mashine ya kuzungusha damu inayotetemeka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, mashine kubwa ya vipimo inayokula vichupa kwa safu, kompyuta moja, na printa ndogo ya lebo. Kila ombi likifika kwenye kompyuta, printa inatema lebo yenye namba ya mistari. Lebo inabandikwa kwenye kichupa, ndipo mashine inakubali kukisoma. Kichupa kisicho na lebo hakiguswi. Hiyo ni sheria ya maabara na iko ukutani kwa herufi nyekundu, kwa sababu damu ya mtu ikipewa jina la mtu mwingine kuna atakayezikwa.

Saa nne na dakika moja akaingia Raba. Raba ni mzee wa kupeleka sampuli, miaka hamsini na kitu, anaitwa hivyo kwa sababu ya viatu vyake na kwa sababu anatembea kama anafukuzwa. Kaweka kichupa kwenye kishikizo, kasaini daftari, katoka. Kutoka chumba cha dharura hadi hapo alitumia dakika mbili.

Mama Darubini alivaa glovu, akaweka mikono mapajani, akakaa.

Injinia akamuuliza mbona hafanyi.

"Nifanye nini? Kichupa kimefika, ombi halijafika. Lebo iko wapi?"

Injinia akatazama skrini. Tupu. Akapiga simu dharura, wakamwambia daktari ameshaagiza, tena kabla damu haijatolewa. Raba akarudi na kichupa cha pili. Halafu viwili kwa mpigo, halafu vitatu. Mama Darubini alikuwa bado mikono mapajani, anamsimulia Injinia habari za mwenye nyumba na mke wake mdogo, kwa utulivu ulioniambia mimi, nilipoyasikia baadaye, kwamba amekaa hivyo miaka mingi. Saa nne na dakika kumi, bila dalili yoyote, printa ikaamka na kutema lebo saba mfululizo.

Hapo Mama Darubini akaondoka kitini kama aliyemwagiwa maji. Vichupa saba kwa pamoja, mashine ya kuzungushia ina nafasi nne. Vinne vikaingia, vitatu vikasubiri. Kwa hiyo hata baada ya ombi kufika bado kulikuwa na foleni nyingine, iliyotengenezwa na ile ya kwanza.

Injinia hakusubiri saa moja iishe. Alikuwa ameshaelewa tangu lebo ya pili, na aliyemfanyia Mama Darubini vile alikuwa yeye mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, hospitali ikiwa inapokea maombi kumi na mawili kwa siku na seva yao ikiwa mashine kuukuu inayopumua kwa shida, aliandika kwenye programu kwamba kompyuta ya maabara iulize seva kila baada ya sekunde mia sita: kuna kazi mpya? Ikiambiwa hakuna, ilale dakika kumi, iamke, iulize tena. Majibu nayo kurudi kwa daktari, hivyo hivyo, dakika kumi. Alikusudia kuja kuibadilisha. Tangu hapo maombi yamekuwa mia mbili kwa siku, na yeye amepandishwa cheo mara mbili.

Alimweleza Mama Darubini nusu yake, kwa sauti ya chini. Ombi likiingia sekunde moja baada ya kompyuta kuuliza, linakaa karibu dakika kumi zote. Likiingia muda mfupi kabla, lina bahati. Kwa wastani ni dakika tano kwenda na tano kurudi, ukiweka na ule msongamano, dakika kumi na nane au ishirini zinapotea na hakuna binadamu aliyechelewa.

Mama Darubini alivua glovu.

"Kwangu mimi mgeni akifika anapiga hodi, nafungua," alisema. "Wewe umeweka saa ukutani, kila dakika kumi unakwenda kufungua mlango uone kama kuna mtu. Na mtu amesimama nje anapigwa jua. Halafu barua ya uzembe napewa mimi."

Injinia akasema atarekebisha leo hii.

Na alirekebisha, kwa njia ya mtu mwenye haraka. Badala ya sekunde mia sita, akaweka mbili. Kazi ya kubadilisha namba moja. Alichosahau, au alichokumbuka akakipuuza, ni kwamba programu ile ile iko kwenye kompyuta arobaini, wodini, famasia, mapokezi, na zote zinasoma namba hiyo hiyo. Arobaini zikiuliza kila sekunde mbili, hayo ni maswali ishirini kwa sekunde, na kila swali linailazimisha seva kupekua maombi yote ya miaka mitatu kutafuta yaliyo mapya. Karibu kila mara jibu ni hakuna. Hakuna, hakuna, hakuna, seva inahema kujibu hakuna, na wenye kazi ya kweli hawapati nafasi. Ndani ya nusu saa mapokezi hawakuweza kuandikisha mgonjwa. Watu walipanga mstari hadi nje ya geti. Bosi wake Injinia alipiga simu na hakusalimia.

Kabla ya saa sita namba ilikuwa imerudi mia sita. Jioni Mama Darubini alipomuona kwenye ngazi alimuuliza kama ile leo yake ilikuwa leo ya mwaka huu. Tulicheka, lazima niseme ukweli. Mama Darubini hakucheka. Ilikuwa Alhamisi na kikao kilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mwisho wa wiki Injinia hakutoka nyumbani. Mama Pacha alitusimulia: mume kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele, pacha mmoja kila paja, hasikii akisemeshwa. Alikuwa anaandika upya. Safari hii kompyuta ya maabara haiulizi. Inafungua mawasiliano na seva asubuhi na kuyaacha wazi kutwa, inakaa kimya inasikiliza. Daktari akiandika ombi, seva yenyewe inapaza sauti papo hapo: ombi namba fulani limeingia. Kompyuta inakwenda moja kwa moja kulichukua lenye namba hiyo. Hakuna swali la bure, hakuna kulala. Alifurahi nayo mpaka akaifuta ile saa ya dakika kumi kabisa, mstari kwa mstari, kama mtu anayetupa nguo za mume wa zamani. Mama Pacha alisema Jumapili alikula amesimama, anatabasamu peke yake.

Jumatatu aliiweka maabara na chumba cha dharura tu. Kwa taratibu zao alitakiwa ajaze fomu, bosi asaini, ijaribiwe wiki mbili. Wiki mbili zingepita kikao. Hakujaza fomu.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku za arusi. Raba anafika na kichupa, lebo imeshatoka inamngoja. Anaingia na kingine, lebo iko tayari. Alimuuliza Mama Darubini kama sasa wana mganga humo ndani. Vichupa vilikuja kimoja kimoja, mashine haikujazana. Wastani ulishuka hadi dakika thelathini na saba. Jumanne jioni Mama Darubini ndiye aliyetangulia kusalimia kwenye ngazi, akauliza na hali ya watoto, na sisi tukaona basi, yameisha.

Jumatano yakaharibika.

Asubuhi ile mafundi wa umeme walikuja kubadilisha soketi kwenye ushoroba wa maabara. Wakachomoa kisanduku cha mtandao, wakafanya kazi yao, wakakirudisha. Dakika tano. Hakuna aliyelalamika maana hakuna aliyejua. Katikati ya dakika hizo, saa nne na dakika kumi na mbili, daktari wa dharura aliandika ombi la kupima chumvi za damu za bibi mmoja mgonjwa wa figo, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kupiga ovyo. Raba akaleta kichupa. Mama Darubini akageuka kwenye printa, akakuta hakuna lebo.

Alisubiri dakika moja, kwa sababu siku mbili zile zilikuwa zimemzoesha vizuri. Akapiga simu dharura. Wakamwambia tumeshatuma, kwetu inaonyesha imetumwa. Akawaambia kwangu haipo. Wakamwambia atazame vizuri. Wakati huo huo maombi mengine yalikuwa yanaingia, lebo zao zinatoka, yeye anazibandika na kuendesha mashine, na kile kichupa kimoja kimesimama kwenye kishikizo hakina jina. Alipiga simu mara ya pili, mara ya tatu. Kumbuka hiyo sheria ya ukutani. Asingeweza kukigusa.

Saa tano kasoro daktari alichoka, akamtoboa bibi mara ya pili na kuandika ombi jipya. Hilo lilifika kabla hajainua kidole kwenye kitufe. Majibu yakarudi ndani ya nusu saa. Bibi akapewa dawa, moyo ukatulia; kwa hilo tushukuru. Lakini sasa itazame kwa macho ya msomaji wa ripoti. Maombi mawili ya mgonjwa mmoja, maabara moja, mtu yule yule zamuni. La kwanza halikujibiwa kabisa. La pili limejibiwa haraka kama umeme. Basi mfumo unafanya kazi, aliyelala ni mtu. Daktari aliandika malalamiko kurasa mbili na kuyapeleka kwa daktari mfawidhi, mkuu wa hospitali, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao cha Ijumaa.

Jioni ile tulitega masikio, tukitegemea kusikia ghorofa ya tatu ikiwaka. Haikuwaka. Mama Darubini alipanda ngazi, akapita mlango wa Injinia, akafungua wake, akaufunga polepole. Mama Pacha alisema mumewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasubiri atukanwe, na alipoona hatukanwi alikaa chini.

Alhamisi alfajiri alikuwa kazini anasoma kumbukumbu za seva. Hakuchukua muda. Mawasiliano na maabara yalikatika saa nne na dakika tisa, yakarudi saa nne na dakika kumi na nne. Seva ilipaza sauti saa nne na kumi na mbili, na hapakuwa na sikio upande wa pili. Sauti ya namna hiyo inatoka mara moja tu, hairudiwi. Ombi lenyewe halikupotea; lilikuwa limekaa kwenye foleni, zima, hata sasa lilikuwa bado limekaa. Mawasiliano yaliporudi, programu yake ilianza tena kusikiliza mapya, haikugeuka kutazama kilichoingia wakati haipo. Na kila sauti mpya ilipokuja, ilikwenda kuchukua namba iliyotajwa na hiyo peke yake, inaliruka lile la bibi kila mara. Ile saa ya dakika kumi, pamoja na uzembe wake wote, ingelikuta kabla ya saa nne na nusu. Yeye alikuwa ameifuta.

Akampelekea bosi wake kumbukumbu hizo. Bosi alisoma, akafunga mlango.

Maneno ya bosi tuliyapata kwa Mama Pacha, na Mama Pacha hatii chumvi. Akasema wewe uliweka kitu kisichoidhinishwa kwenye hospitali yenye wagonjwa. Akasema likijulikana barua itakuwa yako, na ya pili itakuwa yangu. Akasema kikao kinamhusu yule mama, na hamna mtu aliyekuita. Rekebisha kimya kimya, jaza fomu, andika tarehe ya leo. Stoo si jela, alisema. Kuna watu wanastaafu vizuri stoo.

Injinia alirudi kitini na kurekebisha. Hilo la kurekebisha alilifanya bila ubishi.

Usiku wa Alhamisi waliongea yeye na mkewe, na mengi sikuyapata, maana kuna mambo hata Mama Pacha anayaficha. Ninachojua ni kwamba mkewe alimkumbusha wana watoto wawili, kisha akamkumbusha kwamba walipougua wote wawili homa ya matumbo, ni nani aliyerudi kazini siku yake ya mapumziko kutazama choo chao. Akamwachia mwenyewe apime.

Ijumaa saa tatu Mama Darubini alikaa mbele ya watu watano kwenye chumba chenye feni inayolia. Walimsomea wastani. Wakamsomea malalamiko ya daktari. Akaulizwa kichupa cha bibi kilikuwa wapi kuanzia saa nne na robo hadi saa tano. Akasema mbele yangu. Akaulizwa kwa nini hakukipima. Akasema hakikuwa na lebo. Mmoja akamuuliza kwa hiyo anamaanisha mfumo ulileta maombi tisa mengine saa ile ile ukaliacha hilo moja kwa chuki? Wengine wakatabasamu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Injinia, shati la kazini, karatasi tatu mkononi. Daktari mfawidhi akamwambia hajaitwa. Akasema anajua.

Alisimama na kueleza kila kitu, kuanzia sekunde mia sita. Kwamba kwa miaka mitatu karibu dakika ishirini katika kila hamsini na nane zilikuwa za kompyuta kulala, na karatasi ya kwanza inaonyesha saa ya ombi, saa kompyuta ilipouliza, na saa mashine ilipoanza. Kwamba Jumatatu na Jumanne, mtu yule yule kwa mikono ile ile, wastani ulikuwa thelathini na saba. Kwamba ombi la bibi lilikwama kwa kosa lake yeye, na karatasi ya tatu inaonyesha mawasiliano yalikatika saa ngapi.

Daktari mfawidhi ni mtu wa kuuliza. Akataka kujua kama kuarifiwa papo hapo ni bora kuliko kuuliza kwa saa, mbona siku ya tatu tu imemwacha mgonjwa kitandani?

Injinia akasema ni bora kama ukikumbuka kwamba anayearifiwa anaweza asiwepo. Akaeleza alichobadilisha jana. Sasa sauti ya seva inasema tu kuna kazi, haitaji namba, na kompyuta ikiisikia inachukua yote yanayosubiri, pamoja na lililoachwa nyuma. Mawasiliano yakikatika na kurudi, kompyuta kwanza inaanza kusikiliza, halafu ndipo inakwenda kukagua foleni nzima; ukikagua kwanza, kuna ombi linaweza kuingia katikati, wakati umemaliza kutazama na hujaanza kusikia. Na ile saa ya kuuliza ameirudisha, kila dakika mbili, kwa kompyuta hizo mbili tu, kwa ajili ya siku ambayo kila kitu kingine kimeshindwa.

"Kwa hiyo unahitaji vyote viwili," alisema daktari mfawidhi.

"Nilihitaji vyote viwili tangu mwanzo. Nikajiona mjanja."

"Na nani alikuruhusu kubadilisha?"

"Hakuna."

Kikao kikawatoa nje wote wawili. Walikaa kwenye benchi la ushoroba, kila mmoja ncha yake, wakati ndani wanajadiliana. Raba alipita na vichupa mara nne. Mama Darubini hakumtazama Injinia hata mara moja. Mara moja tu alisema, akiwa anaangalia ukuta, kwamba bibi yule ana mishipa membamba, na kumtoboa mara mbili si jambo dogo. Injinia akasema anajua. Akamwambia hujui.

Walipoitwa, barua ya Mama Darubini ilifutwa. Si kwa maneno mazuri. Walisema itaondolewa kwenye jalada lake baada ya uthibitisho wa kitengo cha kompyuta, ambacho mkuu wake ni yule yule bosi, kwa hiyo huenda ikachukua miezi. Hakuna aliyesema samahani. Walimwambia arudi kazini, wagonjwa wanangoja, kana kwamba yeye ndiye aliyewaita pale. Injinia alipewa barua yake hapo hapo, bado ya moto kutoka kwenye printa: onyo la mwisho, na kuondolewa kwenye kazi ya mfumo wa maabara hadi uchunguzi uishe. Programu aliyoiandika upya atakabidhiwa mtu mwingine, ambaye hata hajawahi kukalia kile kiti cha ziada.

Jengoni habari zilifika kabla yao. Saa kumi na mbili jioni Injinia alipanda ngazi taratibu, na kwenye kila ghorofa kulikuwa na mtu aliyepata sababu ya kufagia. Mama Pacha na watoto walikuwa wamekwenda kwa mama yake, hilo lilipangwa tangu zamani lakini kwa siku ile lilionekana vibaya. Alipofika juu alitafuta funguo mfukoni, akatafuta mfuko wa pili, akaweka mkoba sakafuni akatafuta humo.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Nyumba ya Mama Darubini haijawahi kuwa na watu chini ya sita. Mume, watoto wakubwa, shangazi aliyekuja kwa wiki mbili miaka minne iliyopita, wote walikuwa wamekaa mkekani na mazungumzo yakakatika ghafla, wakamtazama.

Mama Darubini alikuwa ameshika mwiko. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye mkoba uliopasuka matumbo sakafuni.

Alimwambia kwamba miaka mitatu si dakika kumi. Kwamba ameandikiwa uzembe kwa sababu yake, na ile karatasi itakaa jaladani hadi waamue kuitoa, na kwamba kesho akiwa na nguvu atayasema hayo yote kwa mpangilio na yeye atasikiliza amesimama. Injinia akaitikia sawa, dada.

"Sasa acha kuchokora huo mkoba," alisema, akasogea kando ya mlango. "Shangazi, mpishe kidogo. Ingia ule."